Mistari kwenye video ya kaseti: zile nusu 50 ziwe picha 50

"Kaka naomba msaada. Nina kaseti ya MiniDV ya harusi ya dada yetu mkubwa, Tanga 2003, nimeiingiza kwenye laptop kwa kebo ya fayawaya nikapata faili la AVI. Shida watu wakianza kucheza mikono yao inatoa mistari mistari pembeni. Nikaeksport MP4, mistari ikabaki. Nikabonyeza deinterlace kwenye programu ya kuedit, mistari ikaondoka ila sasa wanacheza kama wanaruka ruka na picha imekuwa na ukungu. Nifanyeje?"

Dada yangu, hilo AVI la kwanza usilifute hata kama linakula nafasi, maana kila kitu unachokitafuta kimo humo humo, kaseti ya saa moja inatoa kama GB 13 na ndivyo inavyotakiwa iwe. Faili lako halijaharibika, mistari unayoiona ni namna kamera ilivyorekodi.

Kamera yako ya PAL, mfumo wa video uliotumika kwetu, haikupiga picha nzima 25 kwa sekunde, ilipiga nusu picha 50. Fremu moja ina mistari 576 ya kulala, sasa kamera inachukua mistari 288, ule unachukuliwa ule unarukwa, halafu baada ya moja ya hamsini ya sekunde inarudi kuchukua ile 288 iliyoruka. Kila nusu inaitwa fildi. Fildi mbili zikisukwa pamoja ndio inapatikana fremu moja ya 720 kwa 576. TV za chogo zilikuwa zinachora hivyo hivyo, fildi moja kisha nyingine, kwa hiyo wakati ule hakuna aliyeona mistari, kila nusu ilionekana kwa wakati wake. Laptop na simu zinaonyesha mistari yote 576 kwa mpigo, na hapo nusu mbili za nyakati mbili tofauti zinakaa kwenye picha moja. Shangazi aliyekaa kwenye kiti haoneshi kitu kwa sababu nusu zote mbili zimemkuta pale pale, ila mkono wa mchezaji unaovuka upana wote wa picha kwa sekunde moja unasogea karibu pikseli 14 kati ya fildi na fildi, basi ukingo wa huo mkono unakuwa na meno ya kitana yenye urefu wa pikseli 14. Akicheza haraka zaidi meno yanarefuka.

Na hapo ndipo utaelewa ile kitufe ilikufanyia nini. Programu nyingi za kuedit ukiziambia zitoe mistari zinachukua fildi moja zinatupa ya pili, halafu zinaivuta ile mistari 288 iliyobaki ijaze 576. Ukungu umetoka hapo, na kuruka ruka kumetoka hapo pia, ulikuwa na nyakati 50 kwa sekunde umebaki na 25. Ngoma ya harusi ni kitu cha haraka, jicho lako limeshazoea kuiona kwenye TV na mwendo laini wa 50, likipewa 25 linajua kuna kitu kimepungua hata kama huwezi kukitaja. Programu nyingine zinachanganya fildi mbili kuwa picha moja, hiyo naiona mbaya kuliko zote, kila anayetembea anakuwa na kivuli chake mwenyewe kikimfuata na hakuna namna ya kukitoa tena.

Kinachotakiwa ni kila fildi ikue iwe fremu kamili. Fildi 50 zitoke fremu 50 kwa sekunde, mistari iliyokosekana kwenye kila moja ijazwe kwa akili, si kwa kuvuta tu. Pale picha ilipotulia programu inachukua mistari ya fildi ya jirani kama ilivyo, kwa hiyo mapambo ya ukumbini na sura za waliokaa zinabaki na mistari yao yote 576. Pale penye mwendo inakadiria mistari inayokosekana kutokana na fildi yenyewe ikiangalia na ya nyuma na ya mbele.

Kabla hujagusa amri yoyote hakikisha unalofanyia kazi ni lile AVI la asili, sio MP4 uliyoeksport. Njia rahisi ya kujua faili bado zima ni kulisimamisha mahali mtu anapocheza, ukaikuza picha sana, ukaangalia unene wa yale meno. Kila jino likiwa na unene wa mstari mmoja kamili, mmoja wa fildi hii mmoja wa fildi ile, mpaka chini bila kubadilika, uko salama. Ukiona meno ni manene, au yamefifia, au yanakuja mafungu mafungu kama mawimbi (hapa yako wazi hapa yamepotea), ujue mtu ameshabadilisha ukubwa wa picha huku fildi bado zimesukwa. Ukichukua mistari 576 ukaifanya 720, kila mistari minne inakuwa mitano, kila mstari mpya unakuwa mchanganyiko wa fildi zote mbili na hakuna programu ya kuja kuzitenganisha. Hata kuipunguza kuwa 480 ni vile vile. Faili la namna hiyo nakushauri usipoteze muda nalo, rudi kwenye kaseti. Ndio maana nakazania mpangilio: kutenganisha fildi kwanza, halafu ndio ukubwa, kukata pembeni, kutuliza mtikisiko, kusafisha chenga, rangi, vyote vinafuata baadaye.

Jambo la pili ambalo wengi wanaliruka ni fildi ipi inatangulia. Fremu ina fildi ya juu, yaani inayoanza na mstari wa kwanza kabisa, na fildi ya chini, na programu lazima ijue ipi ilipigwa mwanzo. DV ya kaseti kama yako fildi ya chini ndiyo inatangulia, utaiona imeandikwa `Bottom Field First` kwenye programu ya MediaInfo, au bff kwa kifupi. Kamera za HDV zilizokuja baadaye na DVD nyingi ni kinyume, ya juu inatangulia, tff. Ila usiamini maandishi peke yake, lebo ya faili inaweza kudanganya, ipime kwa macho. Weka ffmpeg kwenye laptop (ni ya bure), fungua sehemu ya amri kwenye folda lenye faili, uandike hivi, bwdif humo ndani ndio kichujio cha kutenganisha fildi:

```
ffplay -vf "bwdif=mode=send_field:parity=bff:deint=all" harusi.avi
```

Video ikifika mahali mtu anapita kutoka kushoto kwenda kulia, bonyeza herufi s, itasimama, na kila ukiibonyeza tena inasogea fremu moja. Akisogea mbele, mbele, mbele bila kurudi basi mpangilio ni sahihi. Akienda mbele kisha akarudi kidogo nyuma kisha akaruka mbele zaidi, mpangilio umegeuka, badilisha bff iwe tff ujaribu tena. Kosa hili ukiliacha utalijua hata bila kusimamisha, mwendo wote unatetemeka kama kamera ina baridi, na watu wanaenda kulaumu kodeki au laptop wakati ni neno moja tu limekosewa.

Ukisharidhika, amri ya kutengeneza video yenyewe ni hii:

```
ffmpeg -i harusi.avi \
 -vf "bwdif=mode=send_field:parity=bff:deint=all" \
 -c:v libx264 -crf 17 -preset slow \
 -c:a aac -b:a 192k harusi50.mp4
```

Kama unatumia Windows iandike yote kwenye mstari mmoja na uzitoe zile alama za mkwaju mwishoni. Hapo send_field ndio moyo wa kazi, inasema kila fildi itoe fremu yake, ukiweka send_frame utarudi kwenye 25 na kuruka ruka kwako kule kule. Na deint=all inailazimisha ishughulikie kila fremu hata kama faili lina lebo inayosema fremu fulani ni progresivu, yaani picha nzima isiyo na fildi. Ile crf 17 ni ubora, namba ikishuka faili linakuwa kubwa na safi zaidi, kwa kaseti yenye chenga za usiku 17 au 18 inatosha, usiende 23 kwa sababu chenga zikibanwa sana sura zinakuwa kama nta.

Kwa nini bwdif na sio yadif ambayo utaikuta kwenye maelekezo mengi? Yadif ni ya zamani kidogo na ni nzuri, ila bwdif imejengwa juu yake ikachukua na hesabu za njia aliyoieleza Martin Weston kwa idara ya utafiti ya BBC, hasa kwenye kukadiria mistari ya sehemu zenye mwendo, na kwa macho yangu kingo za mlalo zinatoka safi zaidi, wakati kasi yake haipishani sana. Laptop ya kawaida inaimudu.

Sasa iangalie matokeo yako kwa makini, sio kwenye mikono tena, kwenye vitu vyembamba vilivyolala. Kwenye harusi utaviona kwenye pindo za leso na kanga, ngazi za jukwaa, ukingo wa meza ya keki, maandishi ya jina la bwana na bibi harusi ukutani. Kama vinapepesuka juu chini kwa kasi, kama vinachemka, hiyo inatokana na fildi moja kuwa na huo mstari na inayofuata kutokuwa nao, kwa hiyo kwenye fremu moja programu inakisia upo na kwenye inayofuata inakisia haupo. Mikono haitakuwa na meno ila picha haitulii. Bwdif inapunguza lakini haimalizi.

Hapo ndipo kinapoingia kichujio kingine, QTGMC, na kwa harusi ya dada yenu mimi ningeifanya tu hata kama inachukua usiku mzima. Hii iliandikwa na mtu anayejiita Vit mwaka 2010 kwa ajili ya AviSynth, programu ya kuchakata video kwa skripti, akiendeleza kazi ya Didée iliyoitwa TempGaussMC, siku hizi ipo pia kwenye VapourSynth, programu ya aina hiyo hiyo. Yenyewe haitazami tu fildi za jirani, inafuatilia kila kipande cha picha kimeelekea wapi kati ya fildi na fildi, inakipeleka mahali pake, kisha inalainisha kile kupepesuka kwa kulinganisha fremu kadhaa za nyuma na mbele. Matokeo yake ukingo wa meza unakaa ukatulia, na chenga za mwanga hafifu zinapungua zenyewe bila kuambiwa. Usipopenda kuandika skripti kuna programu ya bure inaitwa Hybrid, QTGMC imo ndani, unachagua tu na kuweka mpangilio wa fildi. Ukiwa na AviSynth skripti ni fupi:

```
LWLibavVideoSource("harusi.avi")
AssumeBFF()
QTGMC(Preset="Slower")
```

Hiyo LWLibavVideoSource inakuja na plagini ya L-SMASH Works, na skripti hii inaleta picha tu, sauti utaichukua kwenye AVI ya asili na kuiunganisha mwishoni. AssumeBFF usiiache nje, QTGMC haitakuuliza. Slower ndiyo chaguo lake la kawaida, ukiona laptop inahema weka "Medium", tofauti kwenye kaseti ya nyumbani utaitafuta. Yale ya polepole zaidi kama "Very Slow" na "Placebo" yanakula muda mwingi na faida yake kwenye DV ya usiku sijaiona ya maana.

Ila QTGMC nayo ina pa kukwama, na harusi ndio penyewe. Wapiga picha wakipiga flashi, fildi moja tu inawaka nyeupe na ya jirani yake iko giza, programu inayotegemea kulinganisha fildi inachanganyikiwa na utaona mabaki ya mwanga yamesambaa kwenye fremu ya kabla na ya baada. Kwa kasi ya kawaida halionekani sana, lakini kama kuna sehemu ina flashi mfululizo, kwa mfano wakati wa kulishana keki, tengeneza kipande hicho kwa bwdif na kingine chote kwa QTGMC, kisha uviunganishe, rangi zao hazitofautiani. Kitu kingine inalainisha ngozi na vitambaa kidogo, kama unaona nakshi za gauni zimepotea usianze kuongeza ukali kwa nguvu, linganisha kwanza na toleo la bwdif kwenye fremu ile ile ujue ni kweli zilikuwepo au zilikuwa chenga.

Angalia pia kama kaseti yako ni ile ya moja kwa moja kutoka kamera au ni nakala iliyopitia studio. Studio nyingi ziliongeza mwanzoni picha za mnato zinazopita na muziki, maandishi yanayopanda, maua yanayozunguka. Vingine vilitengenezwa kwa kompyuta bila fildi kabisa, na vingine viliwekwa na mpangilio wa fildi uliogeuka. Ukiona ukumbi uko sawa ila maandishi yanatetemeka, tatizo ni la studio kwenye sehemu hiyo, kata kipande hicho ukifanyie na tff peke yake. Na kama mtu ndani ya familia ana VCD ya harusi hiyo hiyo usishangae ikiwa haina mistari hata kidogo, VCD ni 352 kwa 288, fildi moja ilishatupwa zamani, kwa hiyo ni safi lakini nusu ya mistari na nusu ya mwendo haipo. Kaseti ndiyo yenye mali.

Kuhusu kuedit, usiweke AVI ya asili kwenye programu ukategemea itajua la kufanya. Toa kwanza lile faili la fremu 50, ndilo uliingize, na projekti yenyewe uiweke fremu 50 kwa sekunde. Projekti ikibaki 25 programu itaruka kila fremu ya pili kimya kimya na kazi yote itakuwa bure.

Ukitaka kuipandisha YouTube ili ndugu wa Muscat na kwingineko waione, kuna hili moja. YouTube haitoi fremu 50 kwenye video ndogo, inaanzia 720p, kwa hiyo ukipandisha 576 kama ilivyo watazamaji watapewa 25. Ikuze baada ya fildi kutenganishwa, na kwa vile DV pikseli zake si mraba, video yako ya nne kwa tatu ipeleke 1440 kwa 1080 watu wasije wakawa wembamba. Ongeza hii baada ya bwdif ndani ya zile alama za kunukuu, ukitanguliza mkato:

```
scale=1440:1080:flags=lanczos:in_color_matrix=bt601:out_color_matrix=bt709,setsar=1
```

Hayo mambo ya bt601 na bt709 ni kwa sababu video ndogo na video kubwa hazihesabu rangi sawa, ukikuza bila kubadilisha hesabu rangi nyekundu na za kijani zinahama kidogo na ngozi za watu zinakuwa na rangi isiyo yao. Kukuza hakuongezi undani wowote, kazi yake ni hiyo tu ya kupata fremu 50, kwa hiyo toleo la kuweka kwenye hadisiki libaki 576.

Kama baada ya hapo utaletewa kaseti za VHS za ndugu wengine, mambo ni yale yale ila fildi ipi inatangulia inategemea kifaa ulichonasia, mara nyingi ni ya juu, ipime kwa ile njia ya herufi s. Hakikisha programu ya kunasia haibadilishi ukubwa na haitoi mistari yenyewe, iache 720 kwa 576. Chini kabisa ya picha ya VHS utakuta mstari mpana wa fujo, huo ni wa vichwa vya deki kubadilishana, ukate mwishoni kazi ikishaisha, maana ukikata juu idadi ya mistari isiyogawanyika kwa mbili kabla ya kutenganisha fildi umeshageuza mpangilio. Na kaseti iliyorekodiwa kwa kamera ya Marekani itakuja 720 kwa 480, na fildi karibu 60 kwa sekunde, hiyo usiilazimishe kuwa 50, iache itoe fremu zake 59.94.

Cha kuangalia zaidi ni kama kwenye hizo VHS kuna filamu ya sinema iliyorekodiwa kutoka kwenye TV. Filamu ilipigwa picha nzima nzima, na kwa PAL kwa kawaida nusu mbili za fremu ni za wakati mmoja, ukiipitisha kwenye haya yote utaipunguzia ukali bure. Isogeze fremu moja moja bila kichujio chochote mahali penye mwendo, usipoona meno popote iache kama ilivyo. Za Marekani utaona fremu tatu safi, mbili zenye meno, tatu safi, mbili zenye meno, hiyo ni filamu ya fremu 24 iliyotandazwa ijaze 60 na dawa yake ni kurudisha fildi kwa wenzao na kuondoa zilizojirudia:

```
-vf "fieldmatch,yadif=deint=interlaced,decimate"
```

Kwa harusi ya Tanga hiyo ya mwisho haikuhusu. Anza na dakika moja ya ngoma, itoe kwa bwdif na kwa QTGMC, ziweke pembeni kwa pembeni kwenye TV kubwa badala ya skrini ya laptop, uangalie ukingo wa meza ya keki na mikono ya wachezaji, kisha uamue ipi upitishe kaseti nzima.